Sertifika ya kweli inaweza kuwa imekufa

Bwana Mhariri,

Ule msomaji aliyewaandikia juma lililopita kwamba ukitaka kununua parseli hapa Lubumbashi uangalie vizuri muhuri wa sertifika, mi sikatai, lakini ametuacha katikati ya njia. Siye yenye ilitupata, karatasi ilikuwa ya kweli, muhuri wa kweli, sinyatiri ya kweli, na bado tulikuwa tunaibiwa.

Shemeji yangu alipata parseli kule Kampemba, dola 18,000, ukuta umeshasimama na kisima kiko. Komisyonere akasema mwenye kuuza anataka akonti ya 5,000 siku ile ile juu eti kuko mtu anatoka Kolwezi kesho na makuta yote (huyu mtu wa Kolwezi hakosekanaka, kila parseli iko naye). Mwenye kuuza akatoa sertifika mu plastiki, pembe zimeanza kuwa manjano, jina ni lake, kadi yake ya uchaguzi ni jina lile lile. Shemeji alikuwa tayari ameshaingiza mkono mu mfuko. Nikamwambia Yaya, ngoja, tupige foto ya hii karatasi kwanza, halafu twende kusoma kitabu.

Sasa hapa njo bantu wengi hawajue. Sertifika ya anrejistrema inatengenezwaka mbili. Moja inabaki imefungwa mu kitabu kikubwa kwa konservatere wa titri, ingine njo mwenye parseli anapewa aende nayo kwake. Zile namba za volime na folio zenye ziko juu ya karatasi si mapambo, ni adresi ya ukurasa mu kile kitabu. Yenye iko nyumbani ni pacha tu, na kitu kikibadilika mu kitabu, pacha wa nyumbani hajiandike mwenyewe. Ule aliyeko mu kitabu njo anasema nani ana haki leo.

Tukaandika barua kwa konservatere, ukurasa moja, tukaweka volime, folio, namba ya kadastri, na fotokopi ya ile sertifika. Tuliuliza mambo matatu tu: nani ameandikwa leo pale, kuko ipoteki ao oposisyon yoyote ya mtu mwenye kukataza parseli iuzwe, na ukubwa na namba ya kadastri ni sawa na za karatasi yetu. Kopi moja ya barua wakaipiga muhuri wa kupokea, tukabaki nayo, tukalipa ku gishe tukapewa kitansi. Pale nje kijana moja alitaka kutusaidia kwa simu, eti atauliza mtu wake ndani, jibu mu dakika kumi. Jibu la simu utamwonyesha nani siku ya shauri? Omba maandishi yenye sinyatiri, ata kama utarudia pale mara tatu, siye tulirudia mara ine.

Jibu likatoka: folio yetu imefutwa. Avoka wetu akaomba kuona ukurasa wenyewe, wakamfungulia. Mstari mwekundu umepita toka pembe mpaka pembe, na chini wameandika kwa mkono kwamba sertifika ilitangazwa kuwa imepotea, ikatolewa ingine ya kuikamata nafasi, volime fulani folio fulani. Tukafuata ile folio ya pili. Nayo imefutwa, mitasyon, njo kupitisha parseli ku jina la mwingine, ilishafanyika miezi mine mbele yetu, parseli iko kwa jina la mama moja tusiyemjua. Umeelewa mchezo? Bwana alisema sertifika imepotea, akapewa mupya, akauza na ile mupya kwa kufuata sheria yote, halafu ile yenye "ilipotea" akaitoa mu sanduku kutuuzia siye. Ungeipima ile karatasi na lupu ungekuta kila kitu sawa, maana ilikuwa ni ya kweli. Ilikuwa tu imekufa.

Kama tungelipa, tungebaki na akti ya vanti, karatasi ya kuuziana, na ile peke yake haikupe udongo. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 219, inasema haki ya kutumia udongo inasimama kisheria paka kwa sertifika ya anrejistrema. Kwa hiyo wanunuzi wawili wa parseli moja, si ule aliyelipa wa kwanza njo anabaki nayo, ni ule jina lake liliingia mu kitabu. Mwingine anabaki kumfukuza mwenye kuuza arudishe makuta, na simu ya mwenye kuuza mnajua vile inakuwaka.

Kitu kingine chenye avoka alitufundisha, na mi sikukijua ata kidogo: angalia sertifika ina umri gani. Kifungu cha 227 kinamuachia mtu aliyenyanganywa haki yake kwa sababu ya ujanja ao makosa mu maandiko nafasi ya kwenda tribinali, na kama anashtaki mu miaka miwili tangu kuandikwa, na parseli ingali inaweza kurudishwa, tribinali inaweza kumrudishia parseli yenyewe. Miaka miwili ikipita, anabaki na kudai malipo tu. Kwa hiyo mtu akikuletea sertifika ya miezi sita, ata kama kitabu kinasema ni yake, usitosheke na folio yake. Uliza folio ya mbele yake, nani alikuwa pale, na mitasyon ilisimama juu ya nini, vanti, urithi ao hukumu. Ikiwa ni urithi, muwatafute wale watoto wengine wa marehemu na muongee nao wenyewe.

Na jibu la konservatere ni la siku ile lilipoandikwa. Tukiuliza leo na kulipa kisha miezi miwili, katikati mule mtu anaweza kupitisha jina lingine. Siye sasa tunauliza tena siku moja ao mbili mbele ya kulipa, na makuta yote hayaguse mkono wa mwenye kuuza mpaka dosie ya mitasyon imewekwa pamoja na sertifika yake ya nyumbani.

Kule komini Annexe wengi wanauza na fishi parselere ao barua ya chefu, pale hakuna folio ya kufungua, utauliza kitabu na kitabu kitanyamaza. Usifikiri kunyamaza ni usafi. Udongo ule ule unaweza kuwa ndani ya sertifika ya mtu mwingine yenye ilitoka zamani. Pale anza upande wa kadastri, mpeleke jeometri achukue kordone za mabone, zile alama za mipaka ya parseli, aziweke juu ya plani, aone ziko juu ya namba gani. Na kitabu hakikuambie nani analala mu nyumba, ile utaenda kuuliza jirani.

Shemeji amepata ingine, Katuba. Tumeandika barua ile ile, jibu lilirudi jumatano: jina ni la mwenye kuuza kweli, ukubwa ni sawa, lakini kuko ipoteki ya benki. Mwenyewe hakuificha, alisema deni limebaki kidogo. Tumekubaliana sehemu ya bei ilipwe moja kwa moja mu benki, watoe mainleve, karatasi ya kuachilia ile ipoteki, ifutwe mu kitabu, ndipo iliyobaki itoke. Komisyonere amekasirika, anasema tunachelewesha, eti kuko mtu anatoka Likasi.

Msomaji wenu, Lubumbashi