Suruali ya ofisi kwa mwenye hipsi kubwa: tuma vipimo, lebo iache

Juzi mteja wetu mmoja katutumia meseji wasap, "dada mna 3XL nyeusi ya ofisini?" Tukamwambia zipo, ila tutumie kwanza vipimo, akaona kama tunamzungusha hivi, maana ana suruali mbili za 3XL kanunua kwingine na zote zimelala kabatini. Sasa hizo mbili ndo zilitufanya tumwombe azipime, na majibu yake yanaeleza shida wanayopata wengi.

Yeye kiuno inchi 38, hipsi 48, urefu futi 5 na inchi 2. Suruali ya kwanza ilikuwa kiuno 42 na hipsi 47, yani imeshonwa kwa mtu mwenye tumbo na mapaja ya kawaida, kwake ikawa inabana makalio na huku kiuno nyuma kimeachia mpaka mkono unapita. Ya pili hipsi ilikuwa 51, sawa kabisa, lakini akikaa tu inashuka. Na zote lebo ni 3XL! Kila kiwanda kina chati yake, hata namba zenyewe hazifanani, 18 ya Uingereza ni kama 14 ya Marekani na ni kama 46 ya Ulaya, ndo maana kwenye mitumba unakuta nguo mbili za namba tofauti zinalingana.

Hipsi usipime umesimama tu. Pima pale palipojaa zaidi, kwa wengine ni makalio, kwa mwenye tumbo la chini panaweza kuwa juu kidogo, tepu iguse mwili bila kuvuta, halafu kaa kwenye kiti upime tena. Huyu dada akikaa anafika 50. Kitambaa kisichovutika kinataka kizidi hapo, kwa hiyo tulitafuta 51, ila kingekuwa na spandeksi ya kutosha hata 48 ingemtosha vizuri.

Ile ya pili iliyokuwa inashuka shida yake haikuwa upana. Chukua tepu, anzia kiunoni mbele, pitisha katikati ya miguu mpaka kiunoni nyuma. Yeye alipata 31. Suruali ukiipima kwa kufuata mshono huohuo ilikuwa 11 mbele na 16 nyuma, jumla 27, sasa mtu mwenye makalio akiinama au akikaa ile nyuma inahitaji kitambaa cha kufunika, kisipokuwepo kinavutwa kutoka kiunoni na mkanda unashuka. Hata mkanda wa kukaza haukusaidii hapo, na fundi hawezi kuongeza kitambaa ambacho hakipo. Dalili yake utaiona ukijitazama kwenye kioo, mikunjo inayotoka katikati ya miguu kama ndevu za paka kwenda kwenye mapaja.

Tuliyompa sisi, ukiilaza mezani hipsi ni 25.5, zidisha mara mbili upate 51, mshono wa katikati 32, kiuno 42. Kiuno kikubwa, ndio, lakini kupunguza kiuno ni kazi nyepesi kwa fundi kuliko kuongeza hipsi. Tulipunguza inchi 3 na hatukuzitoa zote kwenye mshono wa nyuma, maana ukitoa nyingi hapo mifuko ya nyuma inasogeleana na suruali inakaa vibaya, tulitoa kidogo katikati na nyingine tukazigawa kwenye vile vikunjo viwili vya nyuma.

Ikabaki urefu. Mguu wake kwa ndani ni 27 na suruali ilikuwa 31, tukakata 4. Hii ilikubali kwa sababu ni mguu ulionyooka. Ingekuwa ile inayobana kuanzia goti kushuka nisingeikata, kwa sababu goti la suruali limechorwa kwa mtu mrefu, kwa mfupi linaangukia kwenye msuli wa mguu, ukikata chini goti halipandi, unabaki na mikunjo palepale. Kwa wafupi tafuta iliyoshonwa fupi tangu mwanzo.

Wadada warefu nyie kwenu ni kinyume, kabla hujanunua geuza pindo uone limekunjwa kiasi gani, inchi moja na nusu au mbili unaweza kushusha, ila suruali ya jinzi ukishusha ule mstari mweupe wa zamani unabaki, kwa hiyo mimi kushusha jinzi simshauri mtu.

Ukitaka tukutafutie tutumie kiuno, hipsi umesimama na umekaa, ule mzunguko wa katikati ya miguu, na mguu kwa ndani. Kama una suruali moja inayokukaa vizuri, ilaze mezani uipime hiyo pia, halafu tuambie kama kitambaa chake kinavutika.