Malalamiko kuhusu cheti cha riba ya mkopo wa nyumba

Mamboleo,
Kisumu.
16 Machi 2026

Kwa Meneja,
Idara ya Mikopo ya Nyumba,
Tawi la Kisumu.

Bwana/Bibi,

KUH: CHETI CHA RIBA CHA MWAKA 2025 KISICHOFAA KUDAI NAFUU YA KODI

Mimi ni mteja wenu niliyekopa shilingi 3,600,000 mwezi wa Desemba 2024 ili kununua nyumba ninayoishi hapa Mamboleo. Mkopo huo ni wa miaka 15, kwa riba ya asilimia 9.5 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio linalopungua. Nalipa shilingi 37,592 kila mwezi, na malipo yote ya mwaka 2025 yalikatwa kwenye mshahara wangu na kuwafikia kwa wakati. Sina ugomvi wowote na mkopo wenyewe. Ninacholalamikia ni barua mliyonipa mwezi uliopita mkiiita cheti cha riba, ambayo ofisi ya mishahara kazini kwangu imeikataa, nami naona ilikuwa na haki ya kuikataa.

Kifungu cha 15(3)(b) cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinamruhusu mtu aliyekopa kwenye taasisi inayotambuliwa na sheria hiyo, kwa ajili ya nyumba anayoishi mwenyewe, aondoe riba aliyoilipa katika mapato yake kabla hayajatozwa kodi. Kwa hiyo mambo mawili lazima yaonekane kwenye karatasi inayotoka kwa mkopeshaji: pesa zilitumika kufanyia nini, na riba peke yake, kando na malipo mengine yote, ilikuwa kiasi gani. Barua yenu imekosea yote mawili.

Nianze na matumizi ya pesa. Barua inasema kwamba nina “mkopo binafsi wenye dhamana ya ardhi”. Maelezo hayo yangemfaa pia mtu aliyeweka shamba lake rehani ili anunue matatu, na mtu huyo hapati nafuu hii hata kidogo, kwa sababu kinachoangaliwa ni kazi iliyofanywa na pesa, wala si mali iliyowekwa dhamana. Barua yenu ya ofa ya Novemba 2024 inataja wazi ununuzi wa nyumba ya kuishi. Pesa zenyewe hazikupita mkononi mwangu, kwani mlizituma moja kwa moja kwa wakili wa muuzaji, na rehani ikasajiliwa kwenye hatimiliki ya nyumba hiyo hiyo. Afisa wenu alinieleza kwamba maneno yale hutolewa na mfumo wa kompyuta kulingana na fungu ambamo akaunti ilifunguliwa. Inawezekana kabisa, lakini basi akaunti iliwekwa katika fungu lisilo lake, na anayeweza kuihamisha ni benki.

Kosa la pili ni la hesabu. Barua ina tarakimu moja tu, shilingi 378,521, iliyoandikwa kuwa ni “riba na tozo”. Nimeipitia taarifa ya akaunti mwezi kwa mwezi na kupata kwamba ndani yake mna bima ya maisha na ya nyumba, shilingi 36,000, pamoja na ada za uendeshaji wa akaunti, shilingi 5,400. Vikitolewa hivyo, riba niliyoilipa inabaki shilingi 337,121. Kiasi hicho kinalingana na jedwali la malipo mlilonipa siku ya kutia saini: katika shilingi 451,104 nilizolipa mwaka mzima, shilingi 113,983 zilipunguza deni na zilizosalia zilikuwa riba. Bima na ada nilizilipa kwa haki, lakini si riba, na sheria haikuzitaja.

Nilipoieleza tofauti hii kwenye kaunta niliambiwa kwamba haina maana, kwa kuwa kikomo cha nafuu ni shilingi 300,000 na tarakimu zote mbili zimekipita. Kikomo hicho ni cha zamani. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba mwaka huo, ilikipandisha hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, yaani shilingi 30,000 kwa mwezi. Riba yangu halisi iko chini ya kikomo hiki kipya na tarakimu yenu iko juu yake, na hapo ndipo penye hatari. Nikiitumia barua yenu ilivyo, nitadai shilingi 360,000, ambazo zinazidi haki yangu kwa shilingi 22,879. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wangu inatozwa asilimia 30, nitakuwa nimelipa kodi pungufu kwa shilingi 6,863 na ushei, na siku Mamlaka ya Ushuru ya Kenya itakapoomba ushahidi, atakayedaiwa kodi hiyo pamoja na adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi ni mimi, si benki. Nisipodai chochote, napoteza shilingi 101,136, fedha zinazokaribia malipo ya miezi mitatu ya mkopo huu.

Fomu yangu ya P9 ya mwaka 2025 imekwisha kutolewa bila nafuu yoyote, kwa hiyo njia iliyobaki kwa mwaka huo ni kuidai katika ritani ninayopaswa kuiwasilisha kwenye iTax kabla ya tarehe 30 Juni. Mwaka 2026 nao unaendelea kupotea, kwa maana mwajiri wangu yuko tayari kuondoa riba hiyo kila mwezi kabla ya kukata kodi, ila anasubiri cheti kinachosomeka.

Kwa hiyo naomba mnipe cheti kipya, chenye saini na muhuri, kinachoonyesha jina langu na PIN yangu, jina la benki na PIN yake, nambari ya akaunti ya mkopo, kiasi nilichokopa, salio la tarehe 31 Desemba 2025, na riba niliyoilipa kuanzia Januari hadi Desemba 2025 ikiwa imetengwa na bima na ada. Kitamke pia kwamba mkopo ulitolewa kununua nyumba ya kuishi, na kuitaja nambari ya hatimiliki. Hayo yote yamo katika faili yenu. Salio nalo mlihakikishe, kwa kuwa iTax huuliza kiasi kilichokopwa na kilichobaki, na barua ya kwanza haikulitaja kabisa.

Sitalipa shilingi 1,500 nilizotajiwa kuwa ni ada ya “kuchapisha upya”, maana ninachoomba ni kurekebishwa kwa kosa la benki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma aliyoinunua, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inanipa haki ya kusahihishiwa kumbukumbu zangu zenye makosa, ukiwemo uainishaji wa mkopo huu katika mfumo wenu.

Nimeambatisha nakala za barua ya ofa, jedwali la malipo, taarifa ya akaunti ya mwaka 2025 na barua ninayoilalamikia. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 31 Machi 2026. Nisipolipata, nitaipeleka barua hii pamoja na viambatisho vyake kwa Benki Kuu ya Kenya.

Wako mwaminifu,

Mkopaji,
akaunti ya mkopo inayoishia 4471