Asanteni kwa pongezi za mikoko

Habari za jioni wanakikundi. Tangu zile picha za mikoko tuliyopanda hori ya Tudor, Mombasa, zisambae simu haitulii, na sisi wa kamati tunashukuru sana. Lakini sifa hizo tumezipokea kwa niaba tu.

Miche imeshika kwa sababu ya kina mama waliochambua mbegu. Mwaka juzi tuliokota yoyote tuliyoikuta chini, tukapanda kwenye mchanga wa mbele, na mawimbi yakabeba karibu yote. Kosa letu wenyewe. Safari hii wao walichukua tu zenye shingo ya manjano pale mbegu inapoungana na tunda, maana ya kijani bado ni changa. Zenye matundu ya wadudu wakazitupa. Na mzee wetu mvuvi ndiye aliyetusogeza nyuma kwenye tope laini, akisema mkoko haupandwi mahali pa kupendeza pichani! Hapo tulichomeka kila mbegu theluthi moja ya urefu wake, ncha chini, hatua moja kati ya mche na mche.

Sasa tunahitaji mikono ya kuziba mapengo na kuondoa plastiki zinazojiviringisha kwenye miche. Jumamosi ni bamvua, maji yatakupwa sana kama saa nne asubuhi, kwa hiyo tukutane saa tatu. Njoo na viatu vya kufunga kamba. Ndala zitabaki topeni. Anayekuja aandike jina hapa chini, tujue chai ya kiasi gani.