Barua kwa wifi yangu anayetafuta tamthilia za kale: tazama kichwa kwanza

Wifi yangu,

Ile sauti uliyonitumia Jumamosi nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nimezima cherehani nisikose neno. Unasema tangu Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya jumba la Suleimani, iishe, kila unachofungua hakikunogei. Unataka majumba ya kifalme, unataka nguo za kukodolea macho, na safari hii hutaki kudanganywa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikujibu hapa hadharani, maana wateja wangu wawili wameniuliza hivyohivyo na nimechoka kurudia maneno.

Nianze na Sultan yenyewe, nawe usinune. Ilipovuma, bibi harusi mmoja aliniletea picha ya Hurrem, mke wa Suleimani, kwenye simu, anataka gauni lilelile kwa ajili ya sendofu yake. Nikaikuza picha, nikachukua karatasi nikachora vipande. Kifuani limebana, kiunoni limebana zaidi, shingo imefunguka karibu na mabega, sketi imechanua kuanzia nyongani. Wifi, lilikuwa gauni la harusi la siku hizi! Nililikata kwa patani niliyokuwa nayo tayari ukutani, nikaongeza mikono mirefu na zari, nikaweka zipu mgongoni, bibi harusi akatoka machozi ya furaha. Mimi nikabaki najiuliza: wanawake wa jumba la Sultani Suleimani, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, walivaa nini hasa?

Kwa bahati nzuri Waosmani, ndio utawala wa Suleimani, walikuwa watunzaji. Sultani alipofariki, nguo zake zilifungwa kwenye kitambaa, zikaandikwa jina lake na kuwekwa hazina. Ndiyo maana leo jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, lina kaftani za masultani zenye umri wa karne nne na tano. Za wanawake zilizosalia ni chache, lakini umbo lake linafahamika. Ndani kabisa ni shati jembamba na suruali pana. Juu yake ni vazi refu linalofunguka mbele, lenye vifungo kutoka shingoni kushuka kiunoni, kisha mshipi, kisha joho jingine juu. Hakuna vijiti vya kubana kiuno, wala sketi ya kuchanua. Kata yake ni vipande vilivyonyooka na pembe chache za kuongeza upana, kwa sababu fahari yenyewe ilikuwa kitambaa: hariri na mahameli ya Bursa yenye maua makubwa ya tulipu na mikarafuu, mengine makubwa kuliko kiganja. Ukikata kitambaa kama kile vipande vipande ili kibane mwili, umekiua. Ni kama mtu akate kanga katikati ya jina lake.

Na ile picha ya Hurrem wanayoipitisha mitandaoni wakidai ndiyo sura yake halisi? Hakuna mchoraji wa kiume aliyeruhusiwa kuingia haremu. Wazungu walimchora kwa kusikia habari tu.

Upande wa wanaume Sultan walijitahidi zaidi. Vilemba na kaftani za Suleimani zinakaribia vile vya makumbusho. Kwa wanawake waliteleza, na palipoteleza zaidi si kwenye gauni, ni kichwani. Hurrem anatembea na nywele zimemwagika mabegani, taji juu. Mwanamke mtu mzima wa cheo katika zama zile alikuwa na kikofia na kitambaa juu ya nywele zake, hata akiwa ndani.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na ndicho ninachotaka kukupa. Ukifungua tamthilia yoyote ya kale, usianze na gauni, anza na kichwa. Gauni la gharama kila mtengenezaji mwenye fedha atalishona. Nywele ndizo zinazomtia hofu, maana akimfunika nyota wake kichwa chote kama zama zile zilivyotaka, anaogopa watazamaji hawatamwona mrembo. Kwa hiyo kichwa kinakuonyesha alikuwa tayari kufika wapi kwa ajili ya ukweli. Aliyekuwa jasiri kichwani, mara nyingi na mengine yote kayashughulikia.

Tukijaribu kwa mfalme mmoja utaona. Henri wa Nane wa Uingereza alitawala kuanzia 1509 hadi 1547, yaani aliishi zama zilezile za Suleimani wetu. Kisa chake na wake zake kimefanyiwa tamthilia mbili ambazo utazipata kirahisi. Moja ni The Tudors, ya 2007 hadi 2010. Nyingine ni Wolf Hall ya BBC, iliyotoka 2015, vipindi sita tu, ikafuatiwa na sehemu ya pili mwaka 2024. Watu ni walewale: Henri, wake zake Anne Boleyn na Jane Seymour, na waziri wake Thomas Cromwell.

Kabla ya kutazama, tafuta kwenye simu picha hii: `Holbein Jane Seymour`. Hans Holbein alikuwa mchoraji wa jumba la Henri, akawachora baadhi ya watu hao wakiwa hai mbele yake, na picha ya Jane ipo kwenye makumbusho Vienna. Tazama kichwa. Amevaa kofia ngumu yenye umbo la paa la nyumba, imeshuka hadi masikioni, na nywele zote zimefichwa. Anne yeye anakumbukwa kwa kofia ya Kifaransa, ya mviringo, iliyokaa nyuma kidogo na kuacha nywele za mbele zionekane. Wakati ule tofauti ya kofia hizo mbili ilisema mengi, kama leo unavyomjua mtu kwa namna alivyofunga mtandio wake.

Sasa fungua The Tudors. Anne ananing'iniza nywele zake, mara nyingi na kijitaji cha vito kama wa mashindano ya urembo. Henri mwenyewe, ambaye uzeeni alinenepa sana, humo anabaki kijana mwembamba karibu hadi mwisho. Fungua Wolf Hall, utakuta kofia zipo, za Kifaransa na za paa la nyumba, na mtu anapoingia mlangoni unadhani ametoka kwenye fremu ya Holbein. Mavazi yalisimamiwa na Joanna Eatwell. Kamera ziliingia kwenye majumba ya kweli ya zamani, na matukio ya usiku yakapigwa kwa mwanga wa mishumaa. Baadhi ya watazamaji walilalamika hawaoni kitu kwa giza! Na wasomi nao hawakosi neno: walisema vile vifuko vya mbele ya suruali za wanaume vimeshonwa vidogo kuliko vilivyokuwa. Hilo nakuachia ukahakikishe mwenyewe, mimi nina watoto nyumbani.

Usidhani The Tudors ilishonwa na mtu asiyejua kazi. Joan Bergin alipata tuzo za Emmy kwa mavazi yale, na kwa mkono wa fundi anastahili. Ila tuzo inapima uzuri na ubunifu, haipimi kama nguo ni ya mwaka 1533. Ukiona tamthilia imesifiwa kwa mavazi, bado hujajua kama ni ya kweli.

Kichwa kikipita, geukia mgongo. Zipu tunayoijua leo ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20. Mwigizaji wa zama za Henri akikupa mgongo, unatakiwa kuona kamba zilizopitishwa kwenye matundu, au usione kitu kwa sababu gauni limefungwa mbele kwa kamba au pini. Ukiona mshono mmoja ulionyooka kutoka shingoni hadi chini ya kiuno, na akikaa unajikunja vijikunjo vidogo vidogo, hiyo ni zipu ya kuficha. Nazishona kila siku, siwezi kukosea. Kisha tafuta shati la ndani: ukingo mweupe shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Zamani gauni la hariri halikufuliwa. Kilichofuliwa ni shati lililokaa kwenye ngozi. Gauni zito lililovaliwa juu ya ngozi tupu ni gauni la picha.

Ukipata iliyokupendeza, usimfuate mwigizaji, maana yeye huvaa anachopewa. Mfuate mshonaji. Kwenye majina ya mwanzo au mwishoni ngoja yapite maneno `Costume Designer`, uandike jina linalofuata, kisha ulitafute uone kazi zake nyingine. Au andika jina la tamthilia na maneno hayo pembeni, hivi:

```
Wolf Hall costume designer
```

Tahadhari moja: tamthilia ndefu hubadilisha mikono. The Crown, ya Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ilianza 2016 ikiwa na Michele Clapton, na msimu wa tatu jina likawa Amy Roberts. Kwa hiyo angalia jina la msimu unaoutazama.

Lakini nakujua, wifi. Wolf Hall utaisifia nguo kisha utasinzia. Ni ya wanaume wanaonong'ona kuhusu sheria. Wewe ulipenda fitina za haremu, nani kapandishwa cheo, nani katiwa sumu. Basi yako wewe ni Story of Yanxi Palace, ya China, ya 2018, vipindi 70, katika jumba la mfalme Qianlong wa karne ya 18. Fitina ni zilezile, hata utadhani Hurrem kahamia Beijing.

Na kichwani wamepita. Katika tamthilia nyingi za majumba ya China utaona wanawake wamebeba kichwani kitu kipana kama ubao, chenye maua pembeni. Ubao ule mrefu ni wa mwishoni mwa karne ya 19. Zama za Qianlong mtindo ulikuwa mdogo, umelala karibu na kichwa, na Yanxi wameufuata. Kisha tazama masikio: kila sikio lina hereni tatu, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wa Kimanchu, watu wa ukoo wa Qianlong. Tafuta picha rasmi ya malkia wa kwanza wa Qianlong, `Empress Xiaoxianchun portrait`, uhesabu mwenyewe. Malkia huyo kumbukumbu zinamtaja kuwa hakupenda dhahabu na lulu kichwani, alijipamba kwa maua ya kutengenezwa kwa mkono. Kwa hiyo watu wa Yanxi wakamvalisha maua ya hariri yanayosokotwa kwa waya mwembamba, kazi ya mikono ya mafundi wa Nanjing. Utamtambua kwa hayo hata kabla hajatajwa jina: wenzake wamemetameta, yeye ana maua tu.

Rangi utaziona zimepoa, si za kung'aa kama Sultan. Usizikatae mapema, vipe vipindi vitatu.

Kutazama trela ya dakika mbili kunatosha kupima kichwa, kwa hiyo usimalize bando kwa kupakua msimu mzima kabla hujapima. Ukikwama, nipigie picha ya skrini unitumie, ila iwe ya mgongo na kichwa, si ya sura ya kaka mtanashati kama ulivyofanya mara ya mwisho.

Gauni lako la Idi liko tayari. Zipu nimeiweka ubavuni.

Wifi yako, Tanga