Kuhusu ile karatasi ya saa

Mwenzangu,

Salaam nyingi. Natumaini hujambo, na mzee anaendelea vizuri na lile goti lake. Sisi huku wazima, kelele tu za watoto. Ujumbe wako niliupata tangu mwanzo wa mwezi na nimechelewa kujibu kwa makusudi. Umeniomba ile karatasi ya saa ya kukata ili uwatolee nakala watoto wako wa darasa la pili, na mimi sitaki kukutumia kama ilivyo. Nataka uichore upya. Mkono wako wa kuchora naujua tangu chuoni, wangu nao unaujua, kwa hiyo usianze kunibishia kabla hujasoma hadi mwisho.

Karatasi yenyewe si mbaya kuitazama. Upande mmoja kuna uso wa saa, upande wa pili mishale miwili, mfupi na mrefu. Mtoto anakata, anabandika kwenye manila, anatoboa katikati, anapitisha pini ile ya miguu miwili inayokunjwa kwa nyuma, basi, ana saa yake. Furaha tupu. Chini yake kuna michoro sita ya saa, mtoto aandike kila moja inasema saa ngapi. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Angalia mchoro wa saa tatu na nusu. Mshale mrefu uko kwenye 6, sawa. Mshale mfupi wameuweka juu ya 9 barabara, umetulia pale kama ni saa tatu kamili. Hakuna saa duniani inayofanya hivyo. Mshale mrefu ukifika 6, mfupi nao umeshatembea nusu ya njia kutoka 9 kwenda 10, kwa sababu ndani kuna magurudumu ya meno yanayouvuta pamoja na mwenzake. Mrefu ukizunguka mara moja, mfupi unasogea namba moja tu. Saa ya karatasi haina magurudumu. Kila mshale unakwenda unakotaka, na mtoto hana njia ya kujua kwamba anadanganywa.

Matokeo yake niliyaona kwa mtoto mmoja, yule mdogo anayekaa karibu na dirisha, anayeuliza sana. Kwenye karatasi alipata zote sita. Kesho yake, tukiwa katikati ya kusoma, nikamwonyesha saa ya ukutani nikamuuliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa tatu na nusu. Akatazama, akatazama tena, akasema, "Mwalimu, saa yetu mbovu. Mshale haujafika kwenye namba." Sasa utamkosoa nini? Kwa alivyofundishwa na karatasi, ana haki.

Ukitaka kuwajua wenye tatizo hili, usiwape kusoma. Wape saa zao za karatasi uwaambie watengeneze saa tatu na nusu. Atakayeubandika mshale mfupi juu ya namba, huyo bado, hata kama kwenye daftari ana vema kumi kwa kumi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: michoro yote ya "na nusu", "na robo" na "kasorobo" uichore mshale mfupi ukiwa mahali pake pa kweli. Kwenye robo, umeiacha namba kwa robo ya njia. Kwenye nusu, katikati. Kwenye kasorobo, karibu unafika namba inayofuata. Ukiwa na kipimapembe, kati ya namba na namba ni nyuzi 30, kwa hiyo nusu saa ni nyuzi 15. Huhitaji usahihi zaidi ya hapo, macho ya mtoto yanatosheka.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi, na hapa ndipo nakuhitaji kweli. Unajua mwenyewe tunavyosoma: mshale mfupi uko kwenye 9, sisi tunasema saa tatu. Uko kwenye 2, tunasema saa nane. Kwa mtu mzima hilo limeshakuwa mazoea. Mtoto wa miaka saba, ambaye juzi tu ameizoea 9 kwamba ni tisa, unamwambia aione 9 aseme tatu. Kuna mwalimu mwenzetu (unamjua, yule wa chaki za rangi) aliyeugeuza uso wa saa juu chini, 12 ikakaa chini na 6 ikakaa juu, ili mtoto asome namba moja kwa moja. Watoto walisoma vizuri ajabu. Wakatoka nje ya darasa, saa zote za ulimwengu zikawa zimepinduka. Sikubaliani naye hata kidogo, na nimemwambia.

Ninachotaka mimi ni mkia. Mshale mfupi usiishie kwenye pini. Uendelee upande wa pili, urefu uleule, na mwisho wake uwe na kiduara kidogo ambacho mtoto atakipaka rangi. Ncha ikielekea 9, mkia unaangukia 3. Ncha kwenye 2, mkia kwenye 8. Ncha kwenye 12, mkia kwenye 6, saa sita. Ni namba ya upande wa pili daima, kwa sababu tofauti ni saa sita, nayo ni nusu ya mzunguko. Mtoto anasoma kiduara chenye rangi, na namba zinabaki zilipo kwenye saa ya ukutani. Baadaye unamwambia akate mkia, na macho yake yanaendelea kuvuka upande wa pili bila huo mkia. Si wote watakaoweza siku hiyohiyo. Usiwaharakishe, wengine waache nao mpaka wenyewe waone unawasumbua.

Na uzuri wake, mkia unatembea pamoja na ncha. Rudi kwenye saa tatu na nusu: ncha kati ya 9 na 10, mkia kati ya 3 na 4. Hapo ndipo ninapowaambia watoto kwamba nafasi kati ya 3 na 4 ni chumba cha saa tatu. Mkia ukiwa popote ndani ya chumba hicho, bado ni saa tatu na kitu. Ukivuka mlango wa 4, ni saa nne. Tunapaka vyumba rangi mbili kwa kupishana, na yule mdogo wa dirishani siku hizi ananiambia, "Imo chumbani, mwalimu, haijatoka." Saa yake imepona.

Bila vyumba utakutana na kosa la pili, la dakika tano kabla ya saa. Mkia umekaribia 3 kabisa, mshale mrefu uko kwenye 11. Mtoto anaona 3, anahesabu tano-tano mpaka 11, anasema kwa ujasiri, "Saa tatu na dakika hamsini na tano." Amekosea saa nzima. Muulize tu mkia uko chumba gani. Bado uko cha saa mbili, kwa hiyo ni saa mbili na dakika hamsini na tano, au saa tatu kasoro dakika tano. Hamna haja ya kuhubiri.

Mshale mrefu usiutoe siku moja na mfupi. Ukiweka mishale yote mezani kwa mara ya kwanza, nusu ya darasa watasoma mrefu kama saa. Kwanza wakate mfupi peke yake na wasome kwa huo tu: saa tatu, saa tatu na kidogo, karibu saa nne. Utashangaa wanavyokadiria. Zamani huko Ulaya saa nyingi zilikuwa na mshale mmoja tu wa saa na watu walipanga siku zao hivyohivyo. Wakishazoea ndipo mrefu unaingia, na hapo wakae wawiliwawili na saa moja: mmoja anashika mrefu, mwenzake mfupi. Mrefu unazunguka polepole, mfupi nao unatambaa kutoka mlango hadi mlango. Mrefu ukifika 3, unawasimamisha: wewe wa mfupi, umefika wapi? Wanagombana, lakini wanagombania jambo lenyewe. Kama unayo saa mbovu ya ukutani yenye kile kitufe cha nyuma cha kurekebishia, ilete. Ukizungusha kitufe wanaona mishale yote miwili ikienda pamoja, jambo ambalo karatasi haiwezi.

Vipimo, kabla sijasahau. Duara la sentimita 16 linaingia vizuri kwenye ukurasa wa A4, na mishale inapata nafasi chini. Mshale mfupi uwe sentimita 4 na nusu kila upande wa tundu, usifike kwenye namba, ufike chini yake tu. Mrefu sentimita 7 na nusu, ncha iguse vistari vya dakika, nao usiwe na mkia kabisa, tafadhali, mkia ni wa mmoja. Karatasi niliyonayo mishale inakaribiana urefu na hiyo nayo ni balaa. Tundu liwe katikati kweli: wakunje duara mara mbili kabla ya kulibandika kwenye manila, makunjo yanapokutana ndipo pa kutoboa. Likienda pembeni, mkia unasoma 3 wakati ncha imepita 9, na hapo maneno yangu yote yameharibika. Watobolee wewe mwenyewe, mikasi ya watoto haina ncha na ni heri isiwe nayo.

Nilitaka kukueleza pia habari za kamati ya michezo lakini hiyo nitakusimulia tukionana, haifai kuandikwa.

Sasa niambie. Utanichorea? Na kiduara cha mkia unaonaje, kiwe duara au nyota, maana nyota inapendeza lakini kuikata ni mateso? Wako wanajua kuhesabu tano-tano tayari au utaanzia hapo? Darasani una saa ya ukutani inayotembea, na namba zake ni za kawaida au ni zile za Kirumi? Kama ni za Kirumi itoe kabisa kwa sasa. Pini zipo, au nikutumie zangu zilizobaki? Na yule rafiki yetu wa maktaba amerudi, au bado amenuna?

Nijibu mapema, nakala zinatolewa kabla muhula haujaanza.

Ni mimi, mwenzako wa dawati la nyuma