Kuhusu maneno ya kishetani katika nyimbo za roki

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita msomaji mwenzangu aliandika kwamba mahakama ya Marekani ilithibitisha kuwapo kwa maneno ya kishetani yaliyofichwa katika muziki wa roki. Kesi anayoikusudia ni ile ya bendi ya Judas Priest, iliyosikilizwa mjini Reno, jimbo la Nevada, mwaka 1990, na hukumu yake haikusema hivyo.

Kesi hiyo ilizaliwa na msiba. Desemba 1985, katika mji jirani wa Sparks, vijana wawili waliokuwa wakisikiliza albamu ya bendi hiyo walijaribu kujiua. Mmoja alifariki papo hapo, na mwenzake akaishi na majeraha hadi mwaka 1988. Familia zao zilidai kwamba ndani ya wimbo mmoja mlifichwa sauti ya kuwaamrisha kwa Kiingereza "do it", yaani "fanya hivyo", na kwamba sehemu nyingine zikichezwa kinyume hutoa maneno ya kuhimiza kujiua. Siwalaumu hata kidogo, maana wakati huo wahubiri wengi wa Marekani walikuwa wakiwachezea waumini nyimbo kinyumenyume na kuwaonya kwamba shetani yumo humo.

Jaji Whitehead alikubali kwamba katika wimbo ule husikika kitu kinachofanana na maneno hayo mawili ya Kiingereza. Lakini baada ya sauti na ala zilizorekodiwa kila moja peke yake kusikilizwa moja moja, aliona kuwa ni pumzi ya mwimbaji akishusha sauti iliyokutana na mlio wa gitaa kwa bahati tu, akawapa ushindi wadaiwa, yaani upande wa bendi. Mwimbaji mwenyewe, Rob Halford, alicheza kinyume vipande vya nyimbo zao mbele ya mahakama, na kimojawapo kikasikika kama mtu anayeomba peremende.

Mimi nimefanya kazi ya kurekodi sauti kwa kanda za sumaku, na jambo hili huonekana wazi mtu akigeuza kanda. Neno "baba" likigeuzwa halitoi "baba" bali kitu kama "abab", tena konsonanti hulegea na pumzi ya mwisho hutangulia, hivyo sikio hubaki na irabu na mapigo tu, likajijazia yaliyosalia. Wanasaikolojia wawili wa Kanada, Vokey na Read, walilipima hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1985: wasikilizaji waliweza kutambua kama msemaji ni mwanamume au mwanamke, lakini hawakuweza kutofautisha maneno ya kidini na ya kishetani yaliyochezwa kinyume. Walipoambiwa mapema kifungu cha kutafuta, ndipo wengi walipokisikia.

Basi namwomba msomaji huyo, atakapomchezea mtu wimbo kinyume, asimwambie kwanza atakachosikia. Ampe karatasi, amwache aandike mwenyewe, kisha alinganishe.

Wenu,
Fundi sauti mstaafu, Tanga