"Tajriba" si uzoefu: mkataba wa Falme za Kiarabu unapotufikia kwa picha ya simu

Picha ya kwanza ilikuwa na kidole gumba juu ya kipengele cha saa za kazi. Ya pili ilipigwa chini ya taa, nusu ya ukurasa ikawa nyeupe pe. Aliyetuletea ofisini hapa Mombasa, tunapofasiri mikataba ya kazi ya Kiarabu, alikuwa dada mmoja, na mwenye mkataba ni kaka yake anayepakia mizigo kwenye ghala huko Sharja. Alikuwa na miezi minne kazini. Anataka kuhamia kampuni nyingine, na msimamizi wake amemwambia kwamba bado yuko kwenye majaribio, kwa hivyo hana haki yoyote. Je, ni kweli? (Tumebadilisha mambo machache ili mwenyewe asijulikane.)

Nyumbani walikuwa wameshajaribu kuusoma. Ami yao ana Kiarabu cha madrasa, akawafasiria kwamba kijana amepewa "muda wa uzoefu wa miezi sita" na "muda wa onyo wa siku tatu". Mama mzazi akalia, akidhani mwanawe amefanya kosa na anaonywa.

Ami hakuwa mjinga. Shida ni kwamba sisi watu wa Pwani tukisoma Kiarabu cha mkataba tunahisi tumefika kwetu, maana maneno mengi tunayo. Tajriba kwetu ni uzoefu, lakini kwenye mkataba "fatratut-tajriba" ni kipindi cha majaribio, ile probesheni. "Indhar" kwa kweli ni onyo, na kwenye barua ya nidhamu hubaki onyo, ila "fatratul-indhar" katika sheria ya kazi ya kule ni muda wa notisi: siku ambazo upande unaotaka kuvunja mkataba lazima uzitoe kabla ya kuachana. Na "ajr asasi" haina uhusiano na asasi za kiraia, ni mshahara wa msingi. Neno hilo la mwisho ndilo lenye pesa, tutalirudia.

Zile siku tatu nazo zilitutia shaka mara moja. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, amri ya sheria namba 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, hairuhusu notisi ya kawaida kuwa chini ya siku 30 wala kuzidi siku 90. Siku tatu zingetoka wapi? Tulimwomba dada ampigie kaka yake apige picha upya. Kumbe sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, na picha ikishabanwa na WhatsApp nukta hiyo hupotea kama vumbi. Thelathini ikawa tatu. Tano yao nayo ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na mbili na tatu zinatofautiana kwa jino moja. Hatufasiri tarakimu ya kubahatisha. Tukiona nambari isiyoingia akilini, tunarudi kwako kwanza.

Kwa hivyo, kabla ya lolote: weka karatasi mezani karibu na dirisha mchana, zima taa ya simu, piga kila ukurasa kutoka juu moja kwa moja, pembe zote nne zionekane. Usitutumie kama picha ya kawaida. Kwenye WhatsApp bonyeza alama ya kuambatisha, chagua `Document`, ndipo uchague picha, itafika bila kubanwa. Tunataka pande zote mbili, safu ya Kiarabu na ya Kiingereza, kwa sababu zikipingana ni Kiarabu kinachoshinda. Na usikate sehemu ya juu yenye nambari ya mkataba. Nambari hiyo humwezesha mwenyewe kulinganisha karatasi aliyo nayo na mkataba uliosajiliwa wizara ya kazi, ambao anaweza kuuona kwenye programu ya simu ya wizara, `MOHRE`. Wapo waliotia saini karatasi moja hapa kwa wakala na kukuta nyingine kule.

Sasa jibu la yule dada. Miezi sita ndiyo kikomo cha majaribio, na mwajiri mmoja hawezi kumweka mtu kwenye majaribio mara mbili. Lakini majaribio si msitu usio na njia. Mwajiri akitaka kumwachisha kijana ndani ya miezi hiyo, lazima ampe notisi ya maandishi ya siku 14. Habari ya "tutakufukuza leo jioni" haimo.

Upande wa mfanyakazi, hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu siku zinategemea anakwenda wapi. Akitaka kuacha kazi arudi nyumbani, notisi yake ni siku 14. Akitaka kuhamia mwajiri mwingine humo humo nchini, ni mwezi mzima kwa maandishi, na mwajiri mpya ndiye anayemlipa yule wa zamani gharama za kumleta, isipokuwa wamekubaliana vingine. Si kijana anayelipa. Akiondoka kurudi nyumbani kisha akapata kazi nyingine kule ndani ya miezi 3, mwajiri mpya bado anadaiwa gharama hizo, kwa hivyo ile hila ya kupitia nyumbani haisaidii. Na akiondoka tu bila notisi? Anadaiwa mshahara wa siku alizopaswa kuzitoa, na akitoka nchini bila kufuata utaratibu huenda asipewe kibali cha kazi cha kule kwa mwaka mzima. Kijana wetu alikuwa amepanga kuhama wiki iliyofuata kimya kimya. Kimya hicho kingemgharimu mshahara wa mwezi.

Tulimwandikia barua fupi ya notisi kwa Kiarabu, yenye tarehe na siku ya mwisho ya kazi, na tafsiri yake ya Kiswahili chini ili ajue anachokitia saini. Tukamwambia aitume kwa njia inayoacha ushahidi, na aendelee kufika kazini kila siku, kwa kuwa mkataba unaendelea hadi siku ya mwisho na mshahara wake ni kamili. Kutofika zaidi ya siku 7 mfululizo bila sababu ni mojawapo ya makosa yanayomruhusu mwajiri kumfukuza bila notisi, na tumeona watu wakiangukia hapo baada ya kuandika barua nzuri kabisa.

Kuhusu kuachishwa, kuna maneno mawili ya kutazama. "Inhau" ni kumaliza mkataba, jambo la kawaida lenye notisi. "Fasl" ni kufukuzwa kwa kosa, bila notisi, na sheria imeyataja makosa yenyewe: kutumia vyeti vya kughushi, kulewa kazini, kumshambulia mtu, na mengine kadhaa. Hata hapo, mwajiri lazima afanye uchunguzi wa maandishi na atoe uamuzi wa maandishi wenye sababu. Ukitumiwa karatasi yenye neno "fasl", usiitie saini kabla hujajua imeandikwa nini.

Tubaki kidogo kwenye ovataimu, maana ndiyo iliyomkimbiza kijana. Mkataba wake ulikuwa na dirham 1,200 za msingi, 400 za nyumba na 200 za usafiri, jumla 1,800. Kipengele cha ovataimu kilisema tu "kwa mujibu wa sheria". Ukikifasiri neno kwa neno umemaliza kazi, na mteja hajaelewa kitu. Msimamizi alikuwa akimwambia kwamba ovataimu iko ndani ya posho.

Haiko. Kazi ya kawaida ni saa 8 kwa siku au 48 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa ujira wa saa hiyo pamoja na angalau asilimia 25. Kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri nyongeza ni asilimia 50, isipokuwa kwa wanaofanya kazi kwa zamu. (Karatasi huandika 10 na 4. Tumeona tafsiri iliyosema "kuanzia saa kumi hadi saa nne", na mtu akadai pesa za mchana kutwa.) Hesabu yote inafanywa juu ya mshahara wa msingi, ile "ajr asasi", wala si jumla. Hapa wateja hutukasirikia, lakini ndivyo ilivyo.

Kijana anaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Ni saa 11, lakini toa saa moja ya mapumziko, ambayo haihesabiwi, zinabaki 10. Ziada ni saa 2 kwa siku. Kwa hesabu inayotumika sana, 1,200 gawanya kwa siku 30 ni dirham 40, gawanya kwa saa 8 ni dirham 5. Ongeza robo, kila saa ya ziada ni 6.25. Kwa siku 26 za kazi ana saa 52, yaani dirham 325 kwa mwezi. Angehesabu juu ya 1,800 angedai karibu 488, na dai lake lingepigwa chini kwa kosa la hesabu.

Halafu kuna jambo ambalo hata wasimamizi wengi hawalitaji: ziada haipaswi kupita saa 2 kwa siku, na saa zote pamoja hazipaswi kuzidi 144 katika wiki tatu. Yeye anafanya saa 60 kwa wiki, ambazo ni 180. Tulimwambia apige picha ratiba ya zamu na karatasi ya kutia saini ya kila siku, kwa sababu dai la ovataimu bila rekodi ya saa ni maneno matupu. Malalamiko yanapokelewa na wizara kwa simu namba 80084 ukiwa ndani ya nchi, na si lazima uwe umeacha kazi.

Aliuliza pia kuhusu kiinua mgongo. Hicho huanza baada ya mwaka mmoja kamili: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kwake dirham 840 kwa mwaka. Kwa miezi minne hana kitu. Anachodai ni mshahara wa siku alizofanya, ovataimu, na stahili nyingine zilizobaki, na vyote vinapaswa kulipwa ndani ya siku 14 tangu mkataba kumalizika.

Ukituletea mkataba, tuambie mwanzoni kazi ni ya aina gani. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, namba 9 ya mwaka 2022. Humo kuna siku ya mapumziko kila wiki na saa 12 za kupumzika kwa siku, nane kati yake mfululizo, na hesabu ya ovataimu tuliyoifanya hapa haiwahusu. Mikataba ya Saudia, Katari na Omani pia tunaisoma, kila mmoja kwa sheria ya nchi yake. Na tafsiri yetu ni ya kukufanya uelewe. Kesi ikifika mahakamani kule, itatakiwa tafsiri ya mfasiri aliyesajiliwa na wizara ya sheria ya huko, kwa hivyo usitulipe sisi muhuri ambao hautakubaliwa.